"Mtu wa mwisho" hayumo katika sheria

Beki akimwangusha mshambuliaji anayekwenda kufunga, jukwaa zima hulipuka: "Mtu wa mwisho huyo, nyekundu!" Sisi tunaofundisha waamuzi tumeizoea kauli hiyo, na makocha nao huisema. Lakini Sheria ya 12 ya soka haimtaji mtu wa mwisho popote. Inachouliza ni kama faulo imemnyima mpinzani goli au nafasi ya wazi ya kufunga.

Darasani napenda kuanza na fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya tarehe 17 Mei 2006, kati ya Barcelona na Arsenal, pale Saint-Denis nje ya Paris. Dakika ya 18 Samuel Eto'o alipenyezewa pasi, kipa Jens Lehmann akatoka golini kumkabili. Eto'o alimpita, Lehmann akamwangusha hatua chache nje ya boksi. Mpira ukamwangukia Ludovic Giuly, naye akautia katika goli tupu, ila mwamuzi Terje Hauge alikuwa ameshapuliza kipenga. Goli likakataliwa, Barcelona wakapewa mpira wa adhabu, na Lehmann akatolewa kwa kadi nyekundu.

Mwamuzi katika hali kama ile hupima mambo manne kwa pamoja: umbali kutoka faulo hadi golini, uelekeo wa shambulio, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na mabeki waliobaki, wako wangapi na wamesimama wapi. Eto'o alikuwa karibu na goli, anaelekea huko, kipa ameshapitwa na hakuna beki wa kuwahi. Nafasi ilikuwa ya wazi. Kama mpira ungekuwa umemponyoka kuelekea kwenye kibendera cha kona, au kama beki mmoja angekuwa sambamba naye upande wa ndani, hesabu ingebadilika. Hapo linabaki shambulio lenye matumaini lililovunjwa, na adhabu yake ni kadi ya njano, hata kama aliyecheza faulo ndiye beki wa nyuma kabisa.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: Lehmann si alikuwa anaufuata mpira? Ndiyo, ila nje ya boksi hilo halimsaidii mtu. Ukimnyima mpinzani nafasi ya wazi kwa faulo inayozaa mpira wa adhabu, unatoka.

Sasa isogeze faulo ileile hatua chache ndani ya boksi. Mwaka 2006 Lehmann angetoka vilevile, tena Barcelona wangepata penalti. Waamuzi na wachezaji waliiita adhabu ya mara tatu: penalti, kadi nyekundu, na kufungiwa mechi inayofuata. Mwaka 2016 bodi ya IFAB, inayotunga sheria hizi, ikailegeza. Kwa kuwa penalti inairudisha nafasi iliyopotea, mchezaji aliyefanya faulo akiugombea mpira kweli hupewa njano. Hata shambulio lenye matumaini tu, likivunjwa ndani ya boksi kwa kuugombea mpira na penalti ikatolewa, halina kadi kabisa.

Nafuu hiyo ina mpaka. Ukimvuta jezi, ukamsukuma, au ukamkwatua kwa nyuma wakati mguu wako hauwezi kuufikia mpira, ni nyekundu na penalti juu yake. Ndiyo maana mwamuzi hutazama kwanza mpira ulikuwa wapi, kisha mguu au mkono wa beki ulikuwa unakwenda wapi. Beki anayevuta jezi kuanzia nje na kuendelea hadi ndani ya boksi huadhibiwa kwa penalti, na mstari wenyewe ni sehemu ya boksi.

Kunawa nako kuna mizani yake. Luis Suárez wa Uruguay alipouzuia kwa mikono mpira wa Ghana kwenye mstari wa goli, Johannesburg mwaka 2010, alikusudia, na hata leo ingekuwa nyekundu na penalti. Ila tangu msimu wa 2024/25, mchezaji aliyenawa ndani ya boksi lake bila kukusudia akazuia goli hupewa njano pamoja na penalti.

Turudi Saint-Denis. Hauge angekishikilia kipenga kwa sekunde mbili, goli la Giuly lingekubaliwa, Lehmann angepewa njano na Arsenal wangebaki kumi na mmoja. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba angependa kuwa amesubiri. Badala yake kocha Arsène Wenger alimtoa Robert Pires ili kipa wa akiba, Manuel Almunia, aingie. Arsenal walitangulia kufunga wakiwa kumi, kisha wakalala 2-1.