Gurudumu linalopanda ukingo wa barabara: kuhuisha tairi kwa kasi na ardhi

Nikipitia michezo ya magari ambayo wenzangu hunionyesha, jambo la kwanza ninalolitazama ni tairi la mbele wakati gari linapanda ukingo wa zege polepole. Hapo ndipo huonekana kama magurudumu yanaifuata ardhi kweli au yamechorwa tu chini ya bodi. Mifano yangu imeandikwa kwa Godot 4, lakini hesabu ni zilezile katika injini nyingine.

Nianze na mzunguko, kwa kuwa ni mwepesi. Tairi lisiloteleza huzunguka kwa kasi ya ardhi iliyogawanywa kwa nusukipenyo chake. Kwa tairi la mita 0.35, gari likienda mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, tunapata radiani 28.6 kwa sekunde, au mizunguko 4.5 hivi. Wengi huchukua kasi moja ya gari zima na kuyapa magurudumu yote manne, jambo ambalo halionekani barabara ikinyooka. Kwenye kona huonekana mara moja: gari lenye upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu likipinda kwa duara la nusukipenyo cha mita 6 kwa mita 4 kwa sekunde, gurudumu la nyuma la ndani husafiri kwa mita 3.5 na la nje kwa mita 4.5 kwa sekunde. Kwa hiyo kila gurudumu lisome kasi ya mahali pake:

```gdscript
var v = gari.linear_velocity \
    + gari.angular_velocity.cross(mguso - kituo)
var omega = v.dot(mbele) / r
pembe = fmod(pembe + omega * delta, TAU)
```

Hapa `mguso` ni mahali tairi linapogusa ardhi, `kituo` ni kitovu cha uzito wa gari, na `mbele` ni uelekeo wa gurudumu lenyewe, si wa bodi, la sivyo magurudumu ya usukani yatasoma kasi isiyo yake. Gurudumu likiwa hewani, ardhi haina amri juu yake tena, basi liachwe na `omega` ya mwisho, ipungue taratibu.

Sasa twende kwenye ukingo. Njia ya kawaida ni kurusha mwale mmoja kutoka mahali springi inapofungwa kwenye bodi kwenda chini, kisha kuliweka gurudumu pale mwale unapogonga, likiwa limeinuliwa kwa nusukipenyo chake. Kwenye mteremko mpana njia hii inatosha. Lakini tairi letu likifika kwenye ukingo wa sentimita 15, uso wake huigusa kona ya zege wakati kitovu chake bado kiko nyuma kwa sentimita 29 hivi, ilhali mwale wa katikati hauoni chochote mpaka ufike hapo. Matokeo yake ni kwamba tairi huzama ndani ya zege, kisha huruka sentimita 15 kwa fremu moja. Mchezo ukichora fremu 60 kwa sekunde, kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde kasoro hii hudumu takriban fremu mbili na hakuna atakayeiona. Kwa mita 1 kwa sekunde hudumu fremu 17, na hapo hata mtoto ataiona. Ndiyo maana napima nikienda polepole.

Dawa yake ni miale kadhaa iliyopangwa kuufuata urefu wa tairi. Mwale ulio umbali `s` kutoka katikati hukutana na sehemu ya tairi iliyopinda kwenda juu, kwa hiyo kitovu kinapaswa kuwa juu ya ardhi hiyo kwa kipeuo cha pili cha `r*r - s*s`. Tunachukua jibu kubwa kuliko yote:

```gdscript
var y = -INF
for s in [-0.28, -0.21, 0.0, 0.21, 0.28]:
    y = max(y, ardhi(s) + sqrt(r * r - s * s))
```

Nafasi hizo hazilingani kwa makusudi. Miale ikiwekwa kila sentimita 14, tairi hupanda ukingo wetu kwa hatua za sentimita 1, 11 na 3; mwale wa pili ukisogezwa hadi 0.21, hatua huwa 1, 7 na 7. Jiwe jembamba bado linaweza kujificha katika mwanya wa katikati, na kwa njia ya mawe ningeongeza miale. Wapo wanaopendelea kusukuma tufe chini badala ya miale, lakini tufe la nusukipenyo cha mita 0.35 lina upana wa sentimita 70, hivyo litapanda ukingo ambao tairi linapita kando yake tu.

Kimo hichohicho cha `y` ndicho ipewe springi inayobeba gari, vinginevyo tairi litapanda na bodi itachelewa, mpaka tairi liingie ndani ya madigadi.

Limebaki suala la kulainisha mwendo. Kulainisha sawasawa juu na chini hurudisha tatizo lilelile, kwa sababu tairi linalochelewa kupanda limezama tena. Mimi huliacha lipande papo hapo, na kushuka nalipa kikomo cha mita 2 kwa sekunde, kiasi kwamba likitoka ukingoni hutumia fremu nne au tano kuifikia lami.