Matamshi ya chuki: uhuru wa kusema unaishia wapi?

Matamshi ya chuki ni maneno yanayomshambulia mtu kwa sababu ya kabila, dini, rangi au asili yake, si kwa sababu ya alichotenda. Ukisema shefu wa mtaa wenu amekula pesa za maji, umemshutumu mtu mmoja, naye anaweza kujibu. Ukisema kabila lake lote ni wezi na warudi kwao, hapo ni chuki. Hadi hapo wengi tunakubaliana. Ubishi unaanza tukiuliza kama serikali ina haki ya kumfunga aliyesema.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kwamba mtawala ana sababu moja tu ya kumlazimisha mtu mzima asiyetaka: kuzuia asiwadhuru wengine. Mfano wake ulikuwa wauza nafaka. Kuandika gazetini kwamba wanawaua maskini kwa njaa kusiguswe, lakini kuyasema hayo hayo mbele ya umati wenye hasira, mlangoni pa muuza nafaka, kunaweza kuadhibiwa. Sisi wa Lubumbashi, tunaojua watu wanavyoongea mfuko wa bunga unapopanda bei, hatuhitaji kufafanuliwa. Maneno hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba jiwe limekwisha kuwa mkononi.

Sasa tuupime mfano huo kwa yaliyotokea hapa. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, jimbo lililoitwa Shaba wakati huo. Gavana wetu, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alikuwa wa chama cha Nguza. Hotuba zake ziliwalaumu Wakasai kwa shida za jimbo, na mtaani wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Vijana wa chama wakashambulia nyumba, kwanza Lubumbashi, kisha Likasi, na mwaka 1993 Kolwezi. Familia zilizokuwa zimefanya kazi kwenye kampuni ya migodi ya Gécamines na kwenye reli kwa vizazi viwili zililala kwenye vituo vya treni kwa miezi zikingoja kupelekwa Kasai, ambako watoto wengi walikuwa hawajawahi kukanyaga. Wapo waliokufa hapo hapo kituoni, na wengine njiani.

Anayetaka chuki izuiwe ataonyesha kituo cha Likasi, na ana haki. Mtu akishaitwa mdudu kwa miezi, jirani yake haoni tena kwamba anamfukuza mtu. Na madhara huanza kabla ya pigo la kwanza: mama anaacha kwenda sokoni, mtoto anajifunza kuficha jina la ukoo wake.

Lakini kuna jambo ambalo watetezi wa sheria kali hulipita haraka mno. Sheria ilikuwapo. Amri yenye nguvu ya sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 iliadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, na wakati hotuba zile zinatolewa ilikuwa na umri wa miaka 26. Haikuwazuia wasemaji, kwa sababu msemaji mkuu alikuwa ndiye mwenye mamlaka ya jimbo. Hapa ndipo hoja ya uhuru inapopata nguvu: sheria pana dhidi ya maneno hushikwa na mwenye cheo, na mwenye cheo huanza na mwandishi anayemsumbua.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa mpaka mwembamba, ila wenye meno. Mahakama ya Arusha iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda iliuchora hivyo katika kesi ya RTLM, redio ya Rwanda iliyotangaza chuki dhidi ya Watutsi. Uamuzi wa rufaa wa mwaka 2007 ulitenganisha matamshi ya chuki kwa jumla na uchochezi wa wazi na wa moja kwa moja wa kuua. Matangazo ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, hata yale mabaya, hayakuthibitika kuwa uchochezi wa aina hiyo. Baadhi ya yale yaliyofuata, mauaji yakiwa yameanza, yalithibitika.

Ukipima hivyo, unatazama nani anasema, kwa nani, wakati gani, na kama wasikilizaji wanaweza kutenda. Mlevi anayewatukana Wakasai kwenye baa ya Kamalondo anachukiza, na mwenye baa amtoe nje. Jela ya nini? Gavana akisema hayo hayo uwanjani, vijana wa chama wakiwa wamejipanga, mwendesha mashtaka asingoje nyumba ziungue. Kigumu ni aliye katikati: mtu asiye na cheo, anayetuma sauti yake kwenye vikundi vya WhatsApp wiki ya uchaguzi. Mimi ningeuliza kwanza kama ametaja mtaa, siku na la kufanya. Akiwa ametaja, cheo chake hakinihusu tena.