Barua kwa mhazini wa kanisa Malindi: zaka, pesa ya ujenzi na salio la benki

Mzee wangu Mhazini, Bwana asifiwe.

Nimerudi na daftari lako tangu juzi na nimelipitia mpaka ukurasa wa mwisho. Hesabu za kujumlisha ziko sawa. Lakini lile neno uliloniambia mlangoni nimelisikia kwa wahazini wengi mno, hapa mjini na hata Watamu: "Pesa zote ni za kanisa, na benki bado ziko." Naomba tulimalize.

Salio la benki linakwambia pesa ziko kiasi gani. Halikwambii ni za kazi gani. Zaka na sadaka ya kawaida zimetolewa bila sharti, kwa hiyo kamati inaweza kuzilipia mlinzi, umeme, maji, au lolote la kanisa. Aliyetoa kwa ajili ya ujenzi ameweka sharti, na sharti hilo linakaa juu ya pesa yake mpaka itumike kwa ujenzi. Kuingia akaunti moja na zaka hakuliondoi.

Tazama mwezi wako wa Juni. Ulianza na mfuko wa kawaida 45,000 na mfuko wa ujenzi 260,000. Zikaingia zaka na sadaka 180,000, na za ujenzi 95,000. Matumizi ya kawaida yakawa 168,000, ujenzi haukutumia kitu. Kwa hiyo mfuko wa kawaida ulibaki na 57,000 na wa ujenzi 355,000. Jumla ni 412,000, na ndiyo hiyo uliyoisomea kamati. Kamati ikasikia laki nne na zaidi, ikapitisha spika za 120,000.

Za kutumia zilikuwa 57,000 tu! Zile 63,000 zilizobaki za kufikisha bei ya spika zimetoka kwenye mfuko wa ujenzi, pesa ya mabati ya paa. Benki inaonyesha 292,000, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka, lakini waliochangia ujenzi wanadai 355,000. Katika bahasha ulizonipa ipo moja yenye noti ya mia tano iliyokunjwa mara nne, nje imeandikwa kwa kalamu ya bluu "ya bati". Paa la kanisa limeliwa na chumvi ya bahari na mama aliyetoa bahasha hiyo analiona kila Jumapili. Hakutoa mia tano ya spika.

Wewe uliandika "Ujenzi: spika 63,000" ili hesabu ifunge. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu anayesoma ataamini ujenzi umetumia pesa hizo na hautazidai tena. Ifute kwa maandishi ya masahihisho, usipake wino mweupe. Gharama yote ya 120,000 ibebwe na mfuko wa kawaida, nao ushuke hadi hasi 63,000. Kisha andika deni baina ya mifuko: wa kawaida unadaiwa 63,000 na wa ujenzi. Hayo si mapato wala matumizi, ni deni, na lionekane kila mwezi hadi liishe. Mkirudisha 10,500 kwa mwezi, miezi sita inatosha. Lakini kuliandika deni hakuhalalishi kilichofanyika. Waliochangia waambiwe, na siku nyingine waulizwe kabla.

Kuna wanaosema dawa ni kufungua akaunti ya pili ya benki. Inasaidia, ila nimeona kanisa lenye akaunti mbili likihamisha pesa kutoka moja kwenda nyingine bila vocha, na mambo yakawa yale yale. Mimi nataka safu mbili katika daftari moja, Kawaida na Ujenzi, na mwisho wa kila mwezi jumla ya safu zote mbili ilingane na benki, M-Pesa na taslimu ya sandukuni. Safu ya Kawaida ikiingia hasi, mmeshaanza kula mabati. Kwenye paybill, watu waandike UJENZI au ZAKA mahali pa namba ya akaunti. Bahasha isiyoandikwa kitu iingie Kawaida.

Ahadi za harambee usiziingize kama pesa. Zikae kwenye orodha yake hadi zilipwe. Na ile mifuko 40 ya saruji mliyochangiwa haikupaswa kuachwa nje ya daftari eti kwa kuwa si taslimu: iandike kwa bei ya dukani ya siku ile, mapato ya ujenzi upande mmoja, vifaa vya ujenzi upande wa pili.

Tena, kamati ikiamua yenyewe kutenga sehemu ya zaka kwa ujenzi, hiyo bado ni pesa isiyo na sharti, na kamati hiyo hiyo inaweza kuirudisha kwa uamuzi ulioandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Ya mama wa bahasha hawawezi, hata wote wakinyoosha mikono.

Jumatano nitapita baada ya saa kumi. Niwekee taarifa ya benki ya Juni, ile ya M-Pesa, na vitabu vya risiti, hata kile kilichochanika jalada.