Fimbo Inayoning'inia Hewani

"Kwa nini bosi wa gemu ananipata kila mara, wakati anainua silaha polepole na mimi nawahi kukwepa?"

Ni kwa sababu unawahi.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba bosi mgumu ni mwenye kasi, na anayejiandaa taratibu anakuhurumia. Margit, anayekuzuia njiani kuelekea ngome ya Stormveil katika gemu ya Elden Ring ya 2022, ndiye aliyenitoa katika imani hiyo. Anainua fimbo, anaiacha ining'inie, kisha anaishusha. Nilikuwa nabingirika mara tu mkono unapopanda, na fimbo inanikuta ndiyo kwanza nainuka. Nikashikilia kwamba anasoma vitufe vyangu. Upande mmoja sikukosea sana: ukinywa chupa ya kujitibu mbele yake, mara nyingi anakurushia visu vya nuru papo hapo. Lakini fimbo haihitaji hila hiyo.

Pigo la namna hii hutoa ishara mbili. Mkono kupanda ni kusema "linakuja", bega kushuka ni kusema "sasa". Watoto wanaoruka kamba wanaijua tofauti hiyo. Ukiruka kamba ikiwa bado juu ya kichwa, utatua mapema na itakunasa miguu. Unangoja ikaribie kugusa vumbi.

Tupige hesabu kwa pigo la mfano linalotua sekunde 1.2 baada ya mkono kuanza kupanda. Ukibingirika kwenye sekunde 0.3, na kubingirika kukikukinga kwa nusu sekunde hivi, kinga inaisha kwenye 0.8. Fimbo bado iko juu. Sasa ngoja bega, lishuke kwenye 0.9. Jicho na kidole huhitaji takribani robo sekunde, kwa hiyo unabingirika kwenye 1.15, na fimbo inapita juu yako. Mbunifu akichelewesha bega hadi 1.1, hakuna atakayewahi kwa macho. Itabidi ukariri mdundo, na kwa anayekutana na bosi mara ya kwanza, sioni haki hapo.

Pigo likishapita, bosi huchukua muda kujirudisha sawa, na huo ndio mwanya wako. Upana wake hupimwa kwa silaha uliyoshika: mwanya wa sekunde 0.6 unamtosha mwenye kisu, ila mwenye upanga mzito ataadhibiwa katikati ya pigo lake mwenyewe.

Awamu ya pili huuchezea mwanya huohuo. Margit akishapoteza sehemu kubwa ya afya, huumba nyundo ya nuru na kuiunganisha na mapigo ya fimbo. Pale ulipozoea kuona mwisho wa mfululizo, sasa ni katikati. Mienendo ya mwili wake unaitambua bado, kwa hiyo huanzi kujifunza upya. Unachobadilisha ni kungoja nyundo itue chini kwanza, ndipo usogee.