Kwa Nini Hewa Nzito ya Februari Hainyeshi Lamu

Kila Februari, kaskazi ikivuma, wazee barazani huniuliza mimi niliyesomea hali ya hewa: jasho halikauki mwilini, hewa imejaa unyevu, mbona mvua hainyeshi? Mvuke upo kweli. Kinachokosekana ni njia ya kuupandisha juu ukapoa.

Bahari ikipata joto la jua, chembe za maji zenye kasi kubwa huchomoka usoni mwake zikawa mvuke usioonekana, na chumvi hubaki nyuma. Hewa ya 30°C iliyoshiba mvuke hubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita ya ujazo, lakini ikipoa hadi 20°C hubeba gramu 17 tu. Mvuke unaozidi hugeuka maji.

Juzi alasiri nilitia maji katika kopo la bati linalong'aa, nikawa naongeza barafu kidogo kidogo huku nikikoroga na kutazama kipimajoto. Hewa ya kivulini ilikuwa 30°C, na ukungu ulitanda nje ya kopo maji yalipofika 24°C. Hiyo ndiyo halijoto ya umande, ambapo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji. (Barafu isitiwe kwa pupa, kwani maji hupoa haraka kuliko jicho linavyouona ukungu, na kipimo hutoka chini mno.)

Hewa inayopanda hutanuka, na kwa kutanuka hupoa takriban digrii 10 kwa kila kilomita, ilhali halijoto yake ya umande hushuka digrii 2 hivi. Pengo baina ya halijoto hizo mbili, basi, hupungua digrii 1 kwa kila mita 125. Pengo langu lilikuwa digrii 6, kwa hiyo mvuke ungeanza kugeuka maji kwenye mita 750 hivi, na hapo ndipo kitako bapa cha wingu hukaa.

Hata hivyo, wingu si mvua bado. Mvuke hushika kwanza vumbi na chembe za chumvi zilizorushwa na mawimbi, ukafanya vitone vyenye upana wa milimita 0.02 hivi, vyepesi kiasi cha kuelea. Tone la mvua la milimita 2 huhitaji vitone milioni moja vigongane na kuungana, na hilo hutaka wingu nene, ambamo kitone kikubwa husafiri mbali kikivimeza vidogo.

Kaskazi hainenepeshi wingu. Juu yake kuna hewa inayoshuka, ikabanwa na kupata joto, ikawa kama kifuniko juu ya chungu. Mwezi wa Mei, kusi huleta hewa ya baharini ambayo hupunguza mwendo ifikapo nchi kavu, ikarundikana na kulazimika kupanda. Tofauti huonekana kwa macho: wingu la Februari huwa dogo, kichwa chake kimekatwa, la Mei hurefuka kama mnara, na kitako chake huwa cheusi kabla ya tone la kwanza kuanguka.