Aliyepekua kumbukumbu zako za mikopo ni nani, na ulimruhusu nini?

Dawatini kwetu, tunaposhauri watu kuhusu kumbukumbu za mikopo, huja watu wa aina mbili. Wa kwanza anaamini hakuna awezaye kugusa kumbukumbu zake za mikopo bila saini yake, na huhamaki akigundua kwamba benki aliyokopa miaka mitatu iliyopita bado inazipitia. Wa pili anaamini kwamba mtu akishasaini fomu ya ridhaa yamekwisha, aliyeipokea yuko huru kuchungulia anachotaka, siku anayotaka. Wote wawili wanaichukulia saini kuwa ndiyo sheria yenyewe, na hapo ndipo wanapopotea.

Swali la kwanza ambalo kampuni ya taarifa za mikopo, ile inayotunza kumbukumbu za jinsi watu wanavyokopa na kulipa, inapaswa kumuuliza anayetaka kuona ripoti yako si "Mwenyewe amekubali?" bali "Unaitakia nini?" Marekani, yenye sheria ya mambo haya tangu mwaka 1970, madhumuni yanayokubalika yametajwa ndani ya sheria: kuamua maombi ya mkopo, kufuatilia mkopo uliokwisha kutolewa, kudai deni, kukadiria bima, ajira, leseni fulani za serikali, amri ya mahakama, na shughuli ya kibiashara ambayo wewe mwenyewe umeianzisha. Asiye na dhumuni lililotajwa na sheria, wala maagizo yako ya maandishi, yuko nje. Mtalaka wako yuko nje. Mchumba wa dada yako yuko nje, hata kama anafanya kazi benki na kompyuta ya kuangalilia iko mezani pake. Kwa sheria hiyohiyo, anayejipatia ripoti ya mtu kwa kudanganya anatenda jinai, na anaweza kufungwa.

Ukilielewa hilo, hasira ya yule wa kwanza inapata jibu. Benki inayokudai ina dhumuni linaloendelea muda wote deni likiwa hai, na kwa kawaida ruhusa yake imo ndani ya mkataba wa mkopo uliousaini, katika zile kurasa ambazo wengi huzipita haraka. Haihitaji kukurudia kila inapotaka kutazama. Upekuzi wa namna hii haushushi alama zako za mikopo, zile namba ambazo wakopeshaji hupimia uaminifu wako wa kulipa. Unaoweza kuzishusha kidogo ni ule unaofanywa unapoomba mkopo mpya, kwa sababu mtu anayebisha hodi kwa wakopeshaji wengi kwa mkupuo huonekana kama aliyebanwa.

Mwajiri ni habari nyingine kabisa. Yeye hakukopeshi, kwa kweli wewe ndiye unayemkopesha mwezi mzima wa kazi kabla hajakulipa. Anachotafuta kwenye ripoti si uwezo wako wa kulipa bali dalili za tabia, na deni ni kipimo kibovu cha tabia, maana ugonjwa au talaka huacha alama ileile inayoachwa na uzembe. Ndiyo maana sheria nyingi humbana kuliko mkopeshaji. Marekani anatakiwa akuarifu kwa karatasi inayojitegemea, isiyochanganywa na fomu ya maombi ya kazi, na apate ruhusa yako ya maandishi kabla ya kuagiza ripoti. Afrika Kusini, kanuni zilizo chini ya sheria ya mikopo ya mwaka 2005 zinakubali ukaguzi wa mwombaji kazi pale tu nafasi yenyewe inapodai uaminifu katika kushika pesa au mambo ya fedha. Mhasibu, sawa. Dereva wa lori asiyegusa fedha, hapana, na saini ya dereva huyo haibadilishi jambo.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, inataka ridhaa itolewe kwa hiari ya kweli, na wasimamizi wake wamesema wazi kwamba kati ya mwajiri na mfanyakazi hiari hiyo ni adimu. Anayeomba kazi hawezi kukataa kwa raha wakati mkate wake uko mkononi mwa anayeomba ruhusa. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa taarifa ya mwaka 2019 nayo inamtwika anayetumia taarifa mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Akibanwa, yeye ndiye anayepaswa kuonyesha karatasi.

Mwenye nyumba amekaa katikati. Anakukabidhi mali yake na kusubiri kodi, kwa hiyo shaka yake inafanana na ya mkopeshaji. Kwa sheria ya Marekani hata halazimiki kupata ruhusa ya maandishi, kwa kuwa wewe ndiye uliyeianzisha shughuli kwa kuomba kupanga, ingawa wengi huichukua ili wasije wakaulizwa baadaye. Tatizo la upande huu mara nyingi si mwenye nyumba mwenyewe. Ni dalali. Fomu yenye jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho inakaa mikononi mwa mtu ambaye hana nyumba, na ambaye mwezi huo amekusanya fomu kama hizo kutoka kwa watu kadhaa wanaogombea chumba kimoja.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mama mmoja anaomba kazi ya uhasibu, na mwezi huohuo anatafuta nyumba karibu na kazi hiyo. Fomu ya mwajiri ina maneno haya: "Ninaridhia kampuni, washirika na mawakala wake kupata taarifa zangu zote za kifedha kutoka chanzo chochote, wakati wowote, kwa dhumuni lolote linalohusiana na maombi haya au uhusiano wetu wa baadaye."

Sentensi moja, lakini ina milango minne iliyoachwa wazi. "Washirika na mawakala" haimtaji mtu yeyote, hivyo kesho akijitokeza asiyejulikana, mama huyu hatakuwa na jinsi ya kusema kwamba hakumruhusu. "Taarifa zangu zote za kifedha" ni pana kuliko ripoti ya mikopo. Taarifa ya akaunti ya benki, yenye kila muamala, inaweza kuingizwa humo. "Wakati wowote" inamaanisha hata mwaka wa tano kazini, siku atakapogombana na msimamizi wake. Na "uhusiano wetu wa baadaye" si dhumuni hata kidogo. Dhumuni ni kitu ambacho kikikamilika unaweza kusema kimekamilika.

Mama huyu akija kwetu kabla ya kusaini, tungemshauri aombe maneno haya badala yake: "Ninairuhusu kampuni hii pekee kupata ripoti yangu ya mikopo, mara moja, ndani ya siku 30 kuanzia leo, kwa ajili ya kuamua maombi yangu ya kazi ya mhasibu." Akiwa na fomu iliyochapwa tayari, anaweza kukata maneno yaliyozidi kwa mstari mmoja, kuandika yake juu, kutia saini pembeni ya marekebisho na kubaki na nakala. Nakala hiyo ndiyo watu husahau, halafu wanakuja kutuuliza walisaini nini. Sitamficha pia upande wa pili: mwajiri anaweza kuikataa fomu iliyokatwakatwa, na katika nchi nyingi anaruhusiwa kumwacha mwombaji asiyetoa ridhaa. Lakini ofisi za ajira zenye watu makini hukubali mara nyingi, kwa kuwa walichohitaji ni ripoti moja tu tangu mwanzo.

Tuseme wamekubali. Ripoti inafika, na ina mkopo uliokaa miezi saba bila kulipwa. Mama anashangaa, maana hajawahi kukopa kwa mkopeshaji huyo. Kisa hiki tunakiona mara kwa mara: mtu mwingine mwenye jina linalofanana na tarehe ya kuzaliwa iliyo karibu, na mfumo umeunganisha mafaili yao. Kama mwajiri yuko Marekani, kabla ya kumkataa analazimika kumpa nakala ya ripoti pamoja na maelezo ya haki zake, ili apate nafasi ya kusema "huyu si mimi" wakati uamuzi bado haujafungwa. Akipinga, kampuni ya taarifa inatakiwa kuchunguza, kwa kawaida ndani ya siku 30. Mahali pasipo na kanuni hiyo, njia iliyobaki ni kuitangulia: achukue ripoti yake mwenyewe kabla ya kupeleka maombi. Kujiangalia hakushushi alama, hata ukijiangalia kila wiki.

Kwenye nyumba mambo yanakwenda vibaya kwa njia nyingine. Anaambiwa tu kwamba "amepatikana mtu mwingine". Hiyo ndiyo lugha ya kawaida, na humficha mtu asijue kama ripoti ilihusika. Kama ilihusika, sheria ya Marekani inamtaka mwenye nyumba aseme hivyo na ataje kampuni iliyotoa ripoti, na mwombaji ana siku 60 za kudai nakala bila malipo. Kwingineko inabidi aulize moja kwa moja, kwa maandishi: je, uliangalia kumbukumbu zangu, na ulizipata kwa nani?

Hata asipojibiwa, ripoti yenyewe husema. Mwishoni mwake huwa kuna orodha ya waliopekua, pamoja na tarehe. Kwa sheria ya Marekani, upekuzi wa ajira lazima uonekane kwa miaka miwili na mwingine kwa mwaka mmoja. Mama yetu akiisoma yake anakuta majina matatu: benki yake ya zamani ambayo bado inamdai, kampuni aliyoomba kazi, na jina la kampuni asiyoijua. Asikimbilie polisi bado. Wenye nyumba wengi huagiza ripoti kupitia kampuni za kuchunguza wapangaji, na jina linaloandikwa ni la kampuni hiyo. Tarehe ndiyo humwongoza: ikiwa inaangukia siku moja au mbili baada ya kumpa dalali fomu, fumbo limeteguka. Ikiwa inaangukia wiki sita baadaye, wakati nyumba ilishachukuliwa na mtu mwingine, basi fomu yake imetumika kwa kazi ambayo hakuiruhusu, na hilo ni lalamiko lenye miguu. Aiandikie kampuni ya taarifa akitaja tarehe na jina, na kudai waonyeshe dhumuni lililotolewa siku hiyo.

Barua nyingine aiandike kwa dalali, akifuta ridhaa yake na kutaka fomu irudishwe au iharibiwe. Kufuta huku hufanya kazi kwa mambo yajayo tu. Ripoti iliyokwisha kuvutwa kihalali kabla ya barua haigeuki kuwa haramu. Wala hakuigusi ile benki ya zamani. Yenyewe inaendelea kuangalia kwa sababu ya deni, si kwa hisani ya ridhaa, na itaacha kuwa na dhumuni hilo deni litakapolipwa na akaunti kufungwa.