Nachbeurkundung: cheti cha Kenya kinavyoingia katika daftari la Ujerumani

Mtu wa Pwani aliyeolewa au kuoa Mjerumani hukutana na neno Nachbeurkundung mapema sana, kwa kawaida kwenye barua ya ofisi inayotaka karatasi kumi na kitu. Maana yake ni kuandikisha upya, katika daftari la Kijerumani, tukio lililokwisha kusajiliwa nchi nyingine: ndoa iliyofungwa Mombasa, au mtoto aliyezaliwa Kilifi. Ofisi inayoshika madaftari hayo ni Standesamt, na kila mji una yake.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba ndoa haihesabiki Ujerumani mpaka iandikishwe huko. Sivyo. Ndoa iliyofungwa Kenya kwa utaratibu wa sheria ya Kenya, na kila mmoja akiwa na haki ya kuoa au kuolewa kwa sheria ya nchi yake, ni ndoa halali Ujerumani tangu siku ilipofungwa. Kuandikisha ni hiari. Kinachopatikana ni ushahidi. Bila daftari la Kijerumani, cheti chenu cha Kenya kitapimwa upya na kila ofisi mnayoiendea, na ofisi moja haifungwi na maoni ya nyingine. Ndoa ikishaingia daftarini, mnapewa cheti cha Kijerumani, na mkikipoteza mnaomba kingine bila maswali.

Anayeruhusiwa kuomba ndoa iandikishwe ni yeyote kati ya wanandoa wawili, mradi mmoja wao ni Mjerumani. Kwa kuzaliwa, wazazi huomba, au mtoto mwenyewe. Maombi huenda kwa Standesamt ya mahali mnapoishi Ujerumani au mlipoishi mwisho. Ikiwa hakuna aliyewahi kuishi huko, yanaenda Standesamt I in Berlin, na hapo jipangeni kwa subira, kwa sababu inapokea maombi ya dunia nzima na foleni yake hupita mwaka. Walio Kenya wanaweza kutia sahihi na kuthibitishiwa nakala katika ubalozi wa Ujerumani Nairobi, nao ukayatuma.

Karatasi zenyewe hazishangazi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, pasipoti, na kwa aliyewahi kuoa au kuolewa, ushahidi wa jinsi ndoa ile ilivyokwisha. Hapo pana mtego. Mjerumani aliyepewa talaka na mahakama ya Kenya bado hajatambuliwa kuwa ameachika kwao. Talaka hiyo lazima kwanza itambuliwe na mamlaka ya sheria ya jimbo lake. Wakenya wawili walioachana katika mahakama ya Kenya kwa kawaida hawahitaji hatua hiyo.

Mambo mengi huharibika katika uhakiki. Kwa nchi kadhaa, Ujerumani huridhika na muhuri wa ubalozi wake juu ya cheti. Kwa Kenya iliacha kupiga muhuri huo, ikiona kwamba vyeti vingi havikuwa na uhakika wa kutosha. Badala yake Standesamt inaweza kuomba cheti kihakikiwe, na ni yenyewe tu iombayo. Ukienda ubalozini kwa miguu yako kuomba cheti kihakikiwe, utarudishwa. Ubalozi humpa kazi wakili anayeaminiwa nao. Wakili huyo huenda kwa msajili kulinganisha cheti na kumbukumbu zilizomo, na mara nyingi huenda hospitali, shuleni na kwa jamaa. Gharama ni za mwombaji, hulipwa kabla, nazo hufika mamia ya yuro. Majibu huchukua miezi. Ndiyo sababu fomu ya uhakiki huuliza majina ya shule ulizosoma na jamaa wanaoweza kukutambua: si udadisi, ni ramani ya wakili. Jamaa waliotajwa waambiwe mapema, maana ndugu anayeshtuka kuulizwa na mgeni hujibu ovyo au hukataa kabisa, na ripoti huandikwa hivyo hivyo.

Tuchukue mfano. Dada aliyezaliwa Kilifi mwaka 1996 alipata cheti cha kuzaliwa mwaka 2016, alipotaka pasipoti. Cheti ni cha kweli, kimetolewa na serikali, lakini kina safu ya tarehe ya kusajiliwa, na safu hiyo inaonyesha miaka 20 baada ya kuzaliwa. Kwa sheria ya Kenya usajili baada ya miezi 6 huhesabiwa umechelewa, na unahitaji ruhusa na ushahidi. Mhakiki huuliza: ushahidi gani ulitumika? Kama ni kiapo cha mjomba peke yake, cheti kinaonekana dhaifu. Kama kuna kadi ya kliniki, rejista ya darasa la kwanza au cheti cha ubatizo vya zamani vinavyotaja tarehe hiyo hiyo na jina lile lile la mama, kinasimama. Kwa hiyo karatasi za zamani zitafutwe kabla ya maombi kutumwa, na nakala zake ziambatanishwe bila kungoja kuulizwa.

Jambo la pili katika mfano huu ni cheti chake cha ndoa. Ndoa ilifungwa kanisani, na mchungaji alitoa cheti papo hapo. Mhakiki akienda kwa Msajili wa Ndoa asikute nakala kwa sababu kanisa halikuipeleka, jibu linaloandikwa ni kwamba ndoa haikupatikana kumbukumbuni. Hilo hujulikana kwa urahisi mapema: omba kwa msajili nakala iliyothibitishwa ya ingizo la ndoa yako. Ikitoka, mko salama. Isipotoka, suluhisho liko kanisani na kwa msajili, si Ujerumani.

Majina nayo husumbua. Mkenya mwenye majina matatu si lazima awe na jina la ukoo, lakini daftari la Kijerumani linataka jina la kwanza na jina la ukoo vitenganishwe. Cheti kikisema jina kwa mpangilio mmoja na pasipoti kwa mwingine, ofisi itasimama hapo hapo. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya tarehe 1 Mei 2025, jina lililo katika cheti cha Kenya si lazima liwe jina lake mbele ya sheria ya Ujerumani. Wazazi wake wasio na jina moja la ndoa huhitaji kutoa tamko la jina, na pasipoti ya Kijerumani ya mtoto hungoja tamko hilo.

Mpaka hapa kuchelewa ni usumbufu tu. Kuna hali moja ambapo kuchelewa humpotezea mtoto uraia. Mjerumani aliyezaliwa nje ya Ujerumani baada ya tarehe 31 Desemba 1999, naye anaishi nje, hampi uraia moja kwa moja mtoto wake anayezaliwa nje. Mume wa dada yule akiwa alizaliwa Mombasa mwaka 2000 na wanaishi Diani, mtoto wao aliyezaliwa tarehe 14 Machi 2025 atakuwa Mjerumani ikiwa tu ombi la kuandikisha kuzaliwa kwake limepokelewa ndani ya mwaka mmoja. Kufika ubalozini Nairobi ndani ya muda kunatosha, hata kama Berlin italishughulikia baadaye sana. Muda ukipita, kisingizio kwamba cheti cha Kenya kilichelewa hakisaidii, na kwa kuwa mtoto ni Mkenya kupitia mama yake, hawezi kudai kwamba atabaki bila uraia wowote. Wazazi wa namna hii wasingoje karatasi zote zikamilike: ombi litiwe sahihi na kupelekwa kwanza, kinachokosekana kifuate.